Plagi ya Nyuso Mbili

Ukitaka kumharibia Poongodi siku yake kabla hata hajanywa kahawa, mwambie kwamba chombo fulani cha umeme "kinauma kidogo tu." Atakukazia macho mpaka ujute kuzaliwa. Hilo neno "kidogo" analichukia kuliko anavyochukia panya wanaomtafunia nyaya stoo. Umeme wa ukutani, husema, haumjui mtu kidogo.

Karakana yake iko mtaa wa Ganapathy, hapa Coimbatore, kusini mwa India, katikati ya mafundi wanaochonga vyuma na wanaomimina chuma cha pampu. Yeye hutengeneza masanduku ya kudhibitia mashine: lile sanduku linaloamua pampu iwake lini, hita izime lini, mota ipumzike lini. Usichana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha pampu, akizungusha nyuzi za shaba kwenye mota, na kiwanda kilipofungwa alitoka na ujuzi na hasira, vyote viwili vikiwa vyema. Sanduku likitoka mikononi mwake, umeme mkubwa wa ukutani hukaa upande mmoja na ule mdogo wa vipimo hukaa upande wa pili, na katikati pana ukuta. Kila njia ina fyuzi yake. Kila waya unaoingia hubanwa mlangoni na mpira wake usichomoke wala kuchubuka. Wateja humlalamikia kwamba anachelewa. Naye huwajibu kwamba kaburini hakuna foleni, waende tu.

Vijana wengi walikuja kujifunza kwake wakakimbia. Mmoja wao alikuwa Masilamani, mume wa mdogo wake Maragatham. Huyo alikaa msimu mmoja, akaona kazi ya kuchonga mlango wa sanduku uzibe barabara ni ya watu wasio na shughuli, akaondoka akawe fundi wa kuitwa. Na akapendwa, tena sana. Ukimwita asubuhi, mchana mashine inanguruma. Mdomo wake mtamu, mkono mwepesi, na hakuna jambo ambalo kwake haliwezekani.

Siku ile Poongodi alikuwa ametoka Tiruppur kufunga paneli kwenye kiwanda cha rangi za nguo. Alipofika nyumbani jirani ndiye aliyemwambia. Maragatham yuko hospitali tangu juzi, umeme umemtupa. Juzi! Na hakuna aliyempigia simu, kwa sababu wote walimwogopa. Hakuvua hata viatu vyake vya kazi, akadandia riksho ya mota akaenda.

Alimkuta mdogo wake amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, bega limerudishwa mahali pake na kufungwa kitambaa. Vidole viwili vimeungua. Daktari alikuwa amemweka kumwangalia moyo, na siku hiyo mchana angemruhusu.

"Akka, dada yangu, usianze," alisema Maragatham kabla hata ya salamu. "Kosa langu mwenyewe."

"Kosa gani?"

"Sikugeuza plagi."

Poongodi akavuta stuli. "Sema tena, mama. Polepole. Plagi gani?"

Maragatham akaeleza, macho chini, kama mtu aliyesahau kutia chumvi mchuzini. Yeye hufanya kazi kwa Mama Sivakami, mwenye kiwanda kidogo cha kusaga mchele na choroko kuwa rojo la idli, vile vitumbua vya mvuke ambavyo nusu ya mtaa huamkia. Kuna tangi la chuma cha pua la kuoshea na kulowekea mchele. Juu yake kuna kidhibiti kinachofungua pampu maji yakipungua na kuizima yakijaa. Nyaya mbili za kupima hushuka mpaka ndani ya maji. Basi kila asubuhi, kabla ya kazi, mwanamke wa tangi huligusa kwa mgongo wa kidole. Likitulia, sawa. Likichoma, unachomoa plagi ya kile kidhibiti, maana ina miguu miwili tu, unaigeuza, unaichomeka upya. Tangi linatulia. Wanaita kuigeuza uso.

"Na siku ile?"

"Umeme ulikatika katikati ya kazi, wakahamishia plagi kwenye jenereta. Uliporudi, mtu akairudisha. Mimi nilikuwa nimeshagusa asubuhi, Akka. Nikatia mkono kuchota mchele. Ningegusa tena kwanza. Kila mtu anajua ukirudi umeme unagusa tena."

Kuna hasira za kelele, na kuna hasira inayomkausha mtu mate. Hii ya Poongodi ilikuwa ya pili. Wanawake wazima, mama za watu, wanaamka asubuhi wanaliuliza tangi la mchele kama leo litawaua. Likisema ndiyo, wanaligeuza uso na kuendelea na kazi! Na siku mmoja akisahau kuuliza, kosa linakuwa lake.

"Nani alifunga hicho kidhibiti?"

Maragatham akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

"Maragatham."

"Mume wangu," alisema. "Akka, tafadhali. Ana jina mjini."

Hapo ndipo Mama Sivakami alipoingia, na matunda mkononi, na dafu. Mtu ukimtazama Mama Sivakami huwezi kumchukia hata ukijitahidi. Ni mnene, mpole, paji lake lina majivu meupe ya ibada, na kila Ijumaa hulisha watu mlangoni pake. Alimshika Maragatham shavu, akamwambia nafasi yake ipo, asihofu. Ila jambo moja tu dogo. Mchana huu, akitoka hospitali, Masilamani atampitisha kiwandani, awaambie wenzake kwa mdomo wake kwamba alisahau kugusa. Ili wajifunze. Na pia kwa sababu mkaguzi wa kazi atakuja kuuliza, na ni vizuri maneno yawe mamoja.

"Nitasema, Amma," alijibu Maragatham.

"Na leo nani yuko kwenye tangi?" aliuliza Poongodi.

"Thangamani. Binti mzuri, makini sana. Yeye hasahau."

Poongodi akasimama. Hakuaga.

Kiwanda cha Mama Sivakami ni vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Mlangoni kuna safu ya ndala, kwa maana ndani hapaingiwi na viatu. Pana picha ya mungu wa kike mgawa chakula na taa ya mafuta mbele yake, na chakula cha watu kinasagwa pale. Sakafu ni mbichi kutwa nzima. Kwenye rafu karibu na mlango kulikuwa na malapa mapya ya mpira, bado yamo kwenye mifuko yake ya plastiki. Mama Sivakami aliyanunua wanawake walipolalamika kwamba wanachomwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sheria ya miguu mitupu, hakuiondoa, kisha akanunua malapa. Hakuna aliyethubutu kuyavaa, naye akalala usingizi mzuri kwamba wajibu wake ameutimiza.

Poongodi aliingia na viatu vyake vya soli nene. Wanawake wakashika vinywa.

"Akka, viatu!" alisema Thangamani kutoka kwenye tangi.

"Toa mikono humo kwanza, halafu unitukane. Simama mbali. Wote, simameni mbali na hilo tangi."

Aliangalia. Kidhibiti kilikuwa ndani ya kopo la plastiki la peremende za sikukuu, limefungwa ukutani kwa kamba juu ya maji, kifuniko kimetolewa "lipumue." Unga umeganda kwenye bodi, kile kibao cha vifaa vya umeme. Mende wamejenga. Waya wa pampu, wa umeme mkubwa, na waya wa kupimia maji, ambao mtu hudhani hauna madhara, zimepita kwenye tundu moja zikikumbatiana. Kwenye kishikio cha fyuzi hapakuwa na waya wa fyuzi, kulikuwa na shaba nene iliyosokotwa, ambayo ingeunguza nyumba nzima kabla yenyewe haijakatika. Nyuma ya tangi akauona waya wa kijani wa ardhi, umekatwa, umekunjwa vizuri na kufungwa utepe. Na kule kwenye swichi kuu, ile swichi ya kukata umeme unapovuja ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya, umeme ukipita pembeni yake, yenyewe ikikaa pale kama mlinzi aliyelala.

Mama Sivakami alikuwa amefika, anahema. "Poongodi, mwanangu, kuna nini? Tuna oda ya harusi."

"Huu waya wa ardhi nani aliukata?"

"Masilamani. Ulikuwa unasumbua. Ukiwa umefungwa, swichi ilikuwa inajizima na umeme wa nyumba nzima unaanguka. Alipoukata ukaacha. Ila mashine nazo zikawa zinaangusha angusha, ndiyo akairuka na ile swichi."

"Ulikuwa unaanguka kwa sababu ulikuwa unakwambia maji yana umeme! Mtu anakupigia kelele nyumba inaungua, wewe unamziba mdomo?"

Alitoa kwenye mkoba wake taa ya kupimia, balbu kwenye kishikio chake na nyaya mbili zenye ncha. Ncha moja akaigusisha kwenye ukingo wa tangi, ya pili kwenye tundu la ardhi la soketi ya mashine ya kusagia. Balbu haikuwaka. Wanawake wakapumua. Akachomoa plagi ya kidhibiti, akaigeuza, akaichomeka. Akarudia. Balbu ikawaka chumba kizima, ikaangaza nyuso zao na picha ya mungu wao.

"Ee, uso mbaya huo," alisema Thangamani. "Rudisha ule wa kwanza, Akka, ule mzuri."

Sauti yake haikuwa na mzaha wala hofu. Ndipo Poongodi alipopandwa na hasira kweli.

"Hakuna uso mzuri! Mnanisikia? Hiyo bodi inachukua umeme ukutani moja kwa moja, haina transfoma ya kuutenganisha. Mguu mmoja wa plagi umeunganishwa na hiyo bodi, na bodi imeunganishwa na waya uliomo majini. Mkono wako ukiwa mle ndani, umeushika ukuta. Leo mguu ulioko majini ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, umetulia. Kesho nyutro inalegea huko kwenye nguzo, nayo inageuka moto, na plagi yako iko kwenye huo uso wako mzuri. Utagusa asubuhi, sawa. Ikilegea mchana je?"

"Sasa hata nikiweka fyuzi nzuri?" aliuliza Mama Sivakami taratibu. "Masilamani alisema fyuzi ndiyo ulinzi."

"Fyuzi inalinda waya usiungue na nyumba isiwake moto, Amma. Tutaiweka, tena kwenye waya wa moto, ya kiasi cha waya wenyewe. Lakini mtu anakufa kwa umeme mdogo sana ambao fyuzi hata haiusikii. Mtu analindwa na ile swichi mliyoiruka, na tangi kufungwa ardhini, na maji kutojuana kabisa na ukuta."

Akamweleza atakachofanya, akihesabu hewani kwa bisibisi. Kopo la peremende linakwenda jaani. Sanduku la chuma lenye mpira mlangoni, lililofungwa ardhini, likae mbali na maji na mvuke. Ndani yake transfoma ya usalama, ile yenye nyuzi mbili zisizogusana, itoe umeme mdogo wa kupimia maji, na hizo nyaya ndogo ziwe na chumba chao. Bodi isiwashe pampu kwa kidude chake kidogo kinachoganda kikilemewa. Iamrishe kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku, na hiyo ndiyo iwashe pampu. Swichi ya kukata nyaya zote mbili kwa pamoja, na iwe na tundu la kufuli. Ile ya kukata umeme unaovuja irudi kazini, na mashine zinazoiangusha zitafutwe zinapovujia, badala ya kuziba mdomo wa swichi.

"Lini?" aliuliza Mama Sivakami.

"Nikimaliza."

"Basi kwa leo tuendelee kwa uangalifu. Thangamani ni makini. Harusi ya watu, Poongodi, mchele umeshalowa..."

Poongodi alienda kwenye swichi kuu, akaivuta chini, akapitisha kufuli lake mwenyewe kwenye tundu, akabana, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la sari. Alirudi na ile ile taa iliyowaka muda si mrefu, akajaribu tangi, akageuza plagi, akajaribu tena, akaiacha plagi soketini. Balbu ikabaki giza. Mafeni yakawa yanamalizia mizunguko. Alipojua hakuna kitu, ndipo akaingiza mkono wake mpaka kwenye kiwiko, akachota konzi ya mchele, akaurudisha.

"Umenifungia kiwanda changu!" alisema Mama Sivakami, na upole wote ukamtoka. "Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna. Niitie polisi."

Hakuita polisi. Alikwenda chumba cha pili kupiga simu kwa watu wa harusi, na sauti yake ya kuomba radhi ikasikika ukutani. Wanawake walikaa kwenye magunia, mikono mapajani, hawajui wamtazame nani. Poongodi alichukua kopo la peremende akalishusha, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha mende wakiwa wanatoka, nyaya zake bado zimening'inia mpaka majini. Tangu atoke hospitali alikuwa anaona vidole viwili vya mdogo wake.

Masilamani na mkewe walifika jua likiwa limeelemea. Alimshika Maragatham kiuno kwa mapenzi, akamsaidia kushuka kwenye riksho, akamvua ndala, akamwingiza. Alikuwa hajui lolote. Alimwona shemeji yake, akacheka.

"Akka! Na viatu humu ndani! Leo miungu imeona mambo."

"Karibu, shemeji."

"Umeme umekatika tena?"

"Si unajua mtaa huu," alijibu Poongodi.

Mama Sivakami alitokea mlangoni, macho mekundu. Kwa nukta moja ilionekana atasema juu ya kufuli. Lakini alikuwa na jambo lililomkaa rohoni zaidi, na alitaka liishe. "Maragatham, sema basi, mwanangu. Wenzako wako hapa wote."

Maragatham akasogea katikati, mkono kifuani. Alikuwa mweupe kama unga waliousaga. "Dada zangu," alianza. "Mimi juzi... ukirudi umeme inatakiwa..."

"Ngoja," alisema Poongodi. "Kabla hajasema. Shemeji, umeme unaweza kurudi wakati wowote na mchele wa harusi uko humo. Wewe ndiye fundi wake. Tia mkono utuchotee."

"Mimi?"

"Si tangi ulilofunga mwenyewe?"

"Ah, hiyo tu!" Masilamani akakunja shati mkono mmoja, akatabasamu kwa wanawake, akaenda kwenye tangi. Alifika. Mkono ukafika juu ya maji, ukasimama. Kisha, bila hata kufikiri, akainama nyuma ya tangi, akatafuta soketi kwa vidole, akaichomoa plagi, akaitazama miguu yake.

"Unaangalia nini?" aliuliza Poongodi.

"Naangalia tu."

"Unaangalia nini, Masilamani?"

"Akka, si ni tahadhari? Kila mtu humu anaangalia."

"Unaogopa maji?"

Akasimama wima, plagi mkononi, tabasamu likiwa bado limebaki usoni halijui pa kwenda. Poongodi akafungua pindo la sari, akamwonyesha ufunguo. "Umeme nimeukata mimi. Kufuli liko kule, nenda ukaone. Humo ndani mtoto mchanga angeoga. Mimi nimetia mkono, nikachota. Wewe uliyekifunga hukuweza, hata umeme ukiwa haupo."

"Mnanifanyia mchezo mbele ya watu," alisema Masilamani, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa tamu. "Bei rahisi wanaitaka wao, haraka wanaitaka wao, kisha..."

"Ulijua," alisema Maragatham.

Masilamani aligeuka. "Mke wangu, kila mtu alijua. Hata wewe ulijua."

"Nilijua plagi inageuzwa. Ulinifundisha wewe mwenyewe, jikoni kwetu, ukicheka. Sikujua kwamba wewe huthubutu." Alimtazama kama anamwona mtu aliyemfahamu kwa sauti tu. "Ulinituma mimi kila asubuhi."

Masilamani akaiweka plagi juu ya ukingo wa tangi, kwa uangalifu, ncha zisiguse chuma.

"Maragatham," alisema Mama Sivakami, karibu kwa kunong'ona, "maliza tu ulichokuwa unasema. Sema ulisahau, mwanangu, turudi kwenye kazi."

Maragatham akawageukia wenzake. Thangamani alikuwa mbele, mikono yake bado ina unyevu wa mchele, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Sikusahau kitu," alisema Maragatham. "Nilikuja kuosha mchele."